Mwongozo kamili: kuchapa upya ukurasa wa gazeti la zamani bila kuchanganya safu

Wengi wanaoniandikia kuhusu kazi hii wamekwama mahali pamoja. Herufi wanazisoma vizuri tu, lakini walichokichapa hakieleweki: sentensi ya habari moja imeingia katikati ya habari nyingine, maelezo ya picha yamegeuka sehemu ya hotuba, na matangazo madogo yameshikana hadi hujui cherehani ni ya nani na namba ya simu ni ya nani.

Tatizo si macho wala kasi ya vidole. Walianza kuchapa kabla ya kuamua ukurasa unasomwa kwa mfuatano gani. Kwa hiyo hapa uamuzi huo unakuja kwanza, na kuchapa kunaanza katika hatua ya tano.

## Vitu vya kuwa navyo

- Picha ya ukurasa mzima, pamoja na nakala yake ya kufanyia kazi. Picha ya asili usiiguse.
- Karatasi moja nyeupe na kalamu za rangi mbili.
- Programu ya maandishi matupu inayoonyesha namba za mistari. Mimi natumia Notepad++, na mifano ya hapa ni ya programu hiyo.
- Programu yoyote ya kutazama na kukata picha.
- Ukipata mtu wa kukusomea siku ya ukaguzi, kazi inakuwa nusu.

Usianzie kwenye programu ya kupangia barua na ripoti, ile inayorekebisha tahajia yenyewe. Itageuza majina ya watu na tahajia za zamani bila kukuuliza, na hutajua ni wapi.

## Hatua ya 1: Pima picha kabla ya kuiamini

Fungua picha, nenda kwenye tangazo dogo kuliko yote, na ulikuze. Ukiweza kutofautisha 3 na 8 katika namba ya simu, picha inafaa. Ukishindwa, piga upya kama gazeti bado lipo mkononi, kwa sababu hakuna marekebisho yatakayorudisha wino ambao kamera haikuunasa.

Kisha tazama pembe nne na upande wa mshono. Gazeti lililofungwa kwenye jalada nene hujikunja kuelekea mshononi, na safu ya mwisho huonekana nyembamba kuliko nyenzake. Huko ndiko mwisho wa mistari hupotea. Ona pia kama maandishi ya upande wa nyuma yanapenya: karatasi nyembamba huonyesha herufi zilizogeuzwa, na doa la nyuma linaweza kuonekana kama nukta au mkato.

Onyo: usikimbilie kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu. Maandishi yatang'aa, lakini vijistari vyembamba vya herufi hufutika, na e inabaki c. Ongeza mwanga na ukolezo kidogo kwenye nakala, basi.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja, kwa kutazama tu, sehemu ambazo hazitasomeka. Ziandike sasa, ili baadaye usizidanganye kwa kubuni.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya ukurasa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba kazi yote.

Chukua karatasi, chora mstatili, ugawe kwa idadi ya safu, uzipe namba kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha, kwa kalamu ya rangi ya pili, weka kila kichwa cha habari mahali pake kwa upana wake halisi. Kama kichwa kimetanda juu ya safu tatu, kichore juu ya safu tatu. Weka pia kila mstari wa kulala unaokata ukurasa, kila fremu na kila picha.

Sasa fuata kanuni moja: kichwa cha habari kinamiliki safu zote zilizo chini yake, mpaka kikutane na kichwa kingine, mstari wa kulala au fremu. Habari huanza safu ya kushoto kabisa chini ya kichwa chake, hushuka mpaka mwisho wa eneo hilo, kisha hupanda kwenye safu inayofuata. Haipandi mpaka juu ya ukurasa, bali mpaka chini ya kichwa kilekile.

Tuchukue ukurasa wa mfano wenye safu sita. Juu kabisa kuna jina la gazeti na tarehe. Chini yake, kichwa kikubwa kimetanda safu ya 1 hadi ya 3. Hiyo tuiite habari A. Picha imekaa chini ya kichwa hicho, juu ya safu ya 2 na ya 3. Safu ya 4 ina habari fupi B, na chini yake tangazo ndani ya fremu. Katikati ya ukurasa mstari wa kulala unakata safu ya 1 hadi ya 4, na chini ya mstari huo kuna habari C yenye kichwa cha safu nne. Safu ya 5 na ya 6 ni matangazo madogo kutoka juu hadi chini.

Mchapaji asiye na ramani huanza juu ya safu ya 1 na kuteremka moja kwa moja. Anapofika katikati anavuka mstari na kuingia habari C, na A inabaki imekatika. Mwenye ramani anafika kwenye mstari, anasimama, na kupanda safu ya 2.

Lakini hapo pana mtego wa pili. Juu ya safu ya 2 kuna picha, na chini ya picha kuna maelezo yake. Tuseme safu ya 1 inaishia na maneno haya:

> ...akasema kwamba barua zote ambazo

Unapopanda safu ya 2, kitu cha kwanza kukutana nacho ni maelezo ya picha:

> Wajumbe waliziwasilisha wizarani mwezi uliopita.

Yaunganishe na utapata sentensi inayokaribia kueleweka: "barua zote ambazo wajumbe waliziwasilisha wizarani". Ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana. Mwendelezo wa kweli uko chini ya maelezo hayo:

> hazikujibiwa zirudishwe ofisini kabla ya mwisho wa juma.

Ishara ziko tatu. Maelezo ya picha huanza na herufi kubwa, aghalabu kwa herufi nzito au za mlalo. Yanatanda upana wa picha, si upana wa safu. Na yanaishia na nukta yake yenyewe, kisha mstari wa chini yake unaanza na herufi ndogo.

Kiswahili nacho kinatusaidia mno kwenye maungio haya, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Safu ikiishia na "vyombo vya", na safu unayodhani inafuata ikaanza na "zilizoletwa", umekosea njia: tafuta panapoanza na jina linaloweza kumiliki vyombo. Ikiishia na "mkutano huo", tafuta kiambishi "u-", usikubali "ki-" wala "zi-". Pima kila ungio la safu kwa njia hii kabla ya kuchapa hata neno moja.

Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia kwenye ramani.

*Kichwa kidogo katikati ya safu.* Mara nyingi ni neno moja au mawili kwa herufi nzito, yaliyowekwa kumpumzisha msomaji. Si mwanzo wa habari mpya. Ukisoma aya ya juu na ya chini utaona mzungumzaji ni yuleyule.

*Fremu iliyopandwa katikati ya habari.* Tangazo linaweza kukaa katikati ya safu, na habari ikaendelea chini yake. Kama aya ya juu ya fremu haijaisha, iruke fremu na uendelee.

*Safu inayopanda kando ya kichwa.* Wakati mwingine kichwa kimetanda safu mbili, lakini habari ina safu tatu, na ile ya tatu imesimama upande wa kulia wa kichwa chenyewe. Ukiona safu isiyo na kichwa juu yake, na inaanza katikati ya sentensi, tazama habari iliyo kushoto kwake kwanza.

Sasa kipe kila kipande namba yenye sehemu tatu: ukurasa, safu kinapoanzia, na nafasi yake katika safu hiyo. Habari A ni `1-1-1`. Picha na maelezo yake ni `1-2-1`. Habari B ni `1-4-1`, tangazo la fremu ni `1-4-2`, na habari C ni `1-1-2`.

Umefaulu ikiwa hakuna sehemu ya ukurasa isiyo na namba, hata kijitangazo cha mistari miwili.

## Hatua ya 3: Amua mpangilio wa faili la mwisho

Kwa kuwa namba inabeba mahali, uko huru kupanga kwa faida ya msomaji. Mimi hupanga hivi: jina la gazeti na tarehe kama vilivyochapwa, habari yenye kichwa kipana kuliko vyote, picha na maelezo yake mara baada ya habari inayohusika, habari nyingine kutoka juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, matangazo ya fremu, mwisho matangazo madogo.

Tangazo lililokaa katikati ya habari lisiachwe katikati ya habari. Lihamishie kwenye matangazo. Namba `1-4-2` itamwambia mtafiti lilikuwa wapi. Wapo wanaotaka kila kitu kibaki palepale kilipo, na nia yao naielewa, lakini maandishi yanayofuatana hayawezi kuiga ukurasa.

Unda folda moja ya ukurasa, na ndani yake faili moja kwa kila kipande, lenye jina la namba yake; mwishoni utayaunganisha kwa mpangilio huo. Matangazo madogo ya safu moja yakae faili moja.

## Hatua ya 4: Kata picha vipande vifupi

Kata nakala ya picha safu kwa safu, kila kipande kiwe na mistari kama ishirini. Sababu ni jicho: katika safu ndefu yenye maneno manne kwa mstari, "kwamba" au "katika" huanza mistari mingi, na ukirudisha macho kutoka kwenye kibodi unatua kwenye "kwamba" isiyo yako.

Acha mistari miwili ijirudie kati ya kipande na kipande. Kushoto na kulia, acha mstari mwembamba wa kugawa safu uonekane pande zote mbili. Usipouona, huna uhakika kwamba hujakata herufi ya mwisho ya kila mstari, na Kiswahili kikipoteza irabu ya mwisho, "aliona" na "alione" havitofautiki tena.

## Hatua ya 5: Chapa mstari kwa mstari

Usianze kwa kuchapa aya. Kila mstari wa gazeti uwe mstari mmoja kwenye faili lako, unaoishia palepale unapoishia gazetini. Itakuwa mbaya kutazama kwa sasa, lakini ndiyo njia pekee ya kujua umeruka mstari: safu ikiwa na mistari 54 na faili lako lina 53, mmoja umepotea.

Tumia alama hizi unapochapa:

- `#` mwanzoni mwa mstari wa kwanza wa kila aya.
- `~` mwishoni mwa mstari ambapo kistari kimewekwa tu kwa sababu nafasi imeisha.
- `-~` mwishoni mwa mstari ambapo kistari ni sehemu ya neno lenyewe.
- `|2|` mwanzoni mwa mstari wa kwanza wa safu ya 2, na vivyo hivyo kwa nyingine. Aya ikianzia hapo, `#` itangulie: `#|2|`.

Nimechagua `~` kwa sababu haitumiki gazetini. Alama ya = haifai, maana huonekana kwenye bei. Usiache nafasi baada ya `~`. Ukiacha, hatua ya kuunganisha haitaiona.

Ungio la habari A litaonekana hivi:

```
#Mwenyekiti wa wana~
kijiji akasema kwamba
barua zote ambazo
|2|hazikujibiwa zirudishwe
ofisini kabla ya mwisho
wa juma.
```

Kistari cha mwisho wa mstari kinahitaji uamuzi. "Wana-" na "kijiji" ni neno moja lililokatwa. Lakini magazeti ya zamani yaliweza kuandika "mwana-siasa" kwa kistari. Ukikuta "mwana-" mwishoni na "siasa" chini yake, tafuta neno hilohilo mahali pengine kwenye ukurasa, katikati ya mstari, na ufuate walivyoandika pale.

Tahajia iache kama ilivyo. Kama gazeti limeandika "kwasababu", andika "kwasababu". Ila katika safu nyembamba mpangaji alibana nafasi ili mstari ujae, kwa hiyo maneno mawili yanaweza kuonekana yameshikana wakati hayakushikana. Linganisha na nafasi nyingine za mstari huohuo: kama zote zimebanwa, tenganisha, kama hilo peke yake limeshikana, liache.

Usichokisoma, kitangaze. Weka `[?]` baada ya neno lenye shaka au mahali pa herufi au tarakimu moja isiyosomeka, `[haisomeki: maneno 2]` pasiposomeka, na `[pamechanika: mistari 3]` palipokatika. Katika neno la kawaida, silabi za Kiswahili zitakuongoza kujua kama ni n au u. Katika jina la mtu na tarakimu huna msaada huo, na hapo kukisia ni kumharibia jina mtu aliyekuwepo kweli. Tafuta herufi ileile kwenye mistari ya jirani, ulinganishe umbo lake, ikishindikana, `[?]`.

Habari ikiishia na "Endelea Uk. 4", chapa maneno hayo kama yalivyo. Kama picha ya ukurasa wa 4 unayo, kipande cha huko kipe namba yake, kwa mfano `4-2-3`, na mwishoni mwa A andika `[inaendelea 4-2-3]`. Tahadhari: kichwa cha mwendelezo mara nyingi si kile cha mwanzo, hufupishwa au hubadilishwa. Tafuta kwa ungio la sentensi na maneno "Inatoka Uk. 1", usitafute kwa kichwa. Picha ikiwa haipo, sema hivyo kwenye mabano.

## Hatua ya 6: Matangazo madogo

Haya yana sheria zake. Hayafuati kichwa kipana. Yanashuka safu ya 5 mpaka chini, kisha yanapanda juu kabisa ya safu ya 6.

Yamepangwa kwa makundi: KAZI, VINAUZWA, NYUMBA na kadhalika. Kichwa cha kundi huchapwa mara moja tu. Kundi la VINAUZWA likianza karibu na mwisho wa safu ya 5, tangazo la kwanza la safu ya 6 bado ni la VINAUZWA, ingawa halina kitu juu yake. Na huenda si tangazo zima bali nusu yake.

Mwanzo wa tangazo utaujua kwa neno la kwanza lenye herufi kubwa tupu au nzito, na mwisho kwa kijistari kifupi cha katikati au nafasi tupu. Chapa kila tangazo kama aya yenye `#`, na ulipe namba yake:

```
#[VINAUZWA]
#1-5-12 CHEREHANI ya mguu,
hali nzuri. Pia meza na
viti 4. Andika S.L.P.
3[?]8.
```

Usifumbue vifupisho, na usipange upya maneno ili yasomeke vizuri. Mwishoni mwa tangazo pengine kuna tarakimu zisizo na maelezo. Mara nyingi hizo ni kumbukumbu za idara ya matangazo. Zichape pia, kwa sababu tangazo lililorudiwa siku nyingine linaweza kutambulika kwa namba hiyo.

## Hatua ya 7: Hesabu, kisha unganisha

Hesabu mistari ya kila safu kwenye picha, linganisha na faili. Alama za `|2|` zitakuonyesha kila safu inaanzia mstari gani. Kichwa nacho hesabu. Idadi zisipolingana, gawa safu nusu, hesabu nusu ya juu, kisha robo. Mstari uliopotea hautajificha muda mrefu.

Zikilingana, hifadhi faili hilo la mistari kama lilivyo, fanya nakala, na ufanye kazi kwenye nakala. Bonyeza `Ctrl+H`, chagua `Extended`, kisha badilisha kwa mfuatano huu huu:

```
~\r\n    ->  (acha tupu)
\r\n     ->  (nafasi moja)
 #       ->  \r\n\r\n
```

La kwanza linaunga maneno yaliyokatwa. La pili linageuza mistari kuwa maandishi yanayotiririka. La tatu, ambalo lina nafasi moja kabla ya `#`, linarudisha aya. Ukianza na la pili, maneno yote yaliyokatwa yatabaki na `~` katikati. Mwisho ondoa `#` ya mwanzo wa faili kama imebaki, kisha alama za `|2|` kwa mkono, na kila unapoondoa moja, soma sentensi iliyoizunguka: hapo ndipo safu ziliungana.

Umefaulu ikiwa hakuna `~` wala `#` iliyosalia, na kila sentensi inayovuka safu inasomeka kwa upatanisho sahihi.

## Hatua ya 8: Ukaguzi

Mwenzako asome kutoka kwenye picha, wewe ufuate kwenye faili. Asome na alama za kituo. Asiyekuwa na mwenzake ajirekodi akisoma picha, kisha asikilize huku akitazama faili.

Tarakimu zikaguliwe peke yake, mzunguko wa pili: tarehe, bei, simu, masanduku ya posta, matokeo ya michezo. Zisome tarakimu moja moja. Anayesoma kwa maana huona namba anayoitarajia, na namba ya simu haina maana ya kukuonya umekosea.

Kisha rudi kwenye ramani na upige tiki kila namba iliyo na faili. Kipande kikibaki bila tiki, mara nyingi ni kijihabari cha mistari mitano sita kilichowekwa kujaza nafasi chini ya safu; kipe namba na ukichape. Faili likibaki na mistari isiyo na kipande kwenye ramani, usiifute. Tafuta ungio lake: sentensi ilianza wapi, ngeli gani inaidai, na ni fremu ipi iliyokufanya uiache nyuma.